Sanamu ya Jiwe la Kisii Safarini: Katoni, Msafirishaji na Bima

Jiwe linalochimbwa Tabaka, katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu, kisha likasuguliwa kwa msasa na maji hadi ling'ae. Ulaini huo humruhusu mchongaji kutoa shingo ndefu, mikono myembamba na matundu kati ya mama na mtoto aliyempakata. Ulaini huohuo ndio unaowasumbua wauzaji, kwa sababu sanamu hizi hununuliwa sana na watu wanaokaa mbali, na kati ya Tabaka na sebule ya mnunuzi kuna mikono mingi.

Sanamu inayofuatiliwa hapa ni ya kawaida katika biashara hiyo: mama na mtoto, urefu wa sentimita 30, unene wa sentimita 14, uzito wa kilo 4, bei ya dola 120, na mnunuzi yuko Ujerumani. Mtumaji ana maamuzi matatu. Katoni ndiyo inayoamua kama sanamu itavunjika ikiangushwa. Msafirishaji ndiye anayeamua itaangushwa mara ngapi. Bima inaamua nani atabeba hasara. Watu wengi huanza na la tatu, wakidhani wakishalipia bima wamemaliza. Lakini bima ya mizigo hailipi hasara iliyotokana na ufungaji mbaya, kwa hiyo asiyejua kufunga hana bima hata akiwa na risiti yake mkononi.

Kinachovunja jiwe si kuanguka kwenyewe, ni kusimama ghafla. Katoni ikidondoka kutoka urefu wa meza, yaani kama sentimita 76, na sanamu ndani yake ikasimama katika nusu sentimita tu, nguvu inayoishika ni wastani wa mara 150 ya uzito wake. Mkono wa sanamu wenye gramu 100 huvutwa kwa muda huo mfupi kana kwamba una kilo 15, na unakatika pale unapoungana na bega. Sanamu hiyohiyo ikipewa sentimita 3 za kusimamia, nguvu hushuka hadi mara 25 hivi, na mkono ule huvutwa kama kitu cha kilo mbili na nusu. Kazi yote ya ufungaji ni kununua hizo sentimita 3.

Hazipatikani kwa kuweka sponji ya sentimita 3, kwa kuwa hakuna sponji inayobonyea hadi ikaisha. Ndiyo maana wasafirishaji wengi hudai angalau sentimita 5 za kinga kila upande, chini na juu vilevile. Na si kila kinga inafaa kwa jiwe. Magazeti yaliyokunjwakunjwa yanatosha kwa kikombe, lakini kitu kizito chenye kitako kidogo huyapenya taratibu kadiri gari linavyotikisika, na baada ya saa kadhaa barabarani sanamu inakuwa imekaa juu ya karatasi tupu ya katoni. Plastiki ya mapovu ya hewa nayo hupasuka povu moja baada ya jingine chini ya uzito huo. Sponji laini ya godoro hubonyea yote kabla haijaizuia sanamu. Kinachofaa ni sponji ngumu ya kufungashia, ile nyeupe inayorudi polepole ikibonyezwa kwa kidole gumba. Isipopatikana, vipande vya godoro gumu la bei ya juu, vilivyokatwa na kupangwa bila kuacha pengo, vinafanya kazi nzuri kuliko mapovu.

Kabla ya kufunga, sanamu hukaguliwa. Njia rahisi ni kuilowesha maji na kuitazama ikikauka: jiwe zima hukauka kwa pamoja, ila palipo na ufa hubaki mstari mweusi kwa muda, kwa sababu maji yameingia ndani. Ufa wa aina hiyo mara nyingi ulikuwamo tangu machimboni, na nta ya kung'arishia huuficha. Sanamu yenye ufa begani au shingoni haifai kusafirishwa hata ikifungwa vizuri namna gani, na madai yake ya fidia yatakataliwa kwa haki, kwa kuwa kasoro ilikuwa ya kitu chenyewe.

Ikishakauka kabisa, matundu yake hujazwa karatasi laini isiyo na wino. Hatua hii inarukwa na wengi, ingawa ndiyo inayookoa mikono. Tundu kati ya mkono na kiwiliwili likijazwa bila kukazwa, mkono unapata mahali pa kuegemea pande zote mbili na haupindwi tena peke yake. Karatasi ya gazeti haifai hapa kwa sababu wino wake huhamia kwenye jiwe jeupe. Baadaye sanamu nzima huvikwa karatasi laini, kisha mizunguko miwili ya plastiki ya mapovu, ambayo kazi yake sasa ni kuzuia mikwaruzo tu, na kuwekwa katika katoni ndogo inayoikaa vyema, yenye sentimita 36 kwa 20 kwa 20. Katoni hiyo ndogo huingia katika katoni kubwa ya sentimita 46 kwa 30 kwa 30, na nafasi ya sentimita 5 iliyobaki kila upande hujazwa sponji ngumu.

Katoni ya nje iwe mpya na ya kuta mbili, yaani ukiitazama ukingoni unaona safu mbili za mikunjo. Katoni ya sabuni au ya mafuta iliyookotwa dukani inaonekana imara, lakini mikunjo yake imekwisha kupondwa kwenye pembe, na kama iliwahi kupata unyevu imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Hilo ni jambo la kuzingatia zaidi kwa mizigo inayopitia Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa peke yake inatosha kuilegeza karatasi. Selotepu pana hubandikwa kwenye mshono wa kati na kwenye kingo zote mbili, juu na chini. Wanaopendelea sanduku la mbao wajue kwamba mbao mbichi zinazotumika kufungashia mizigo ya kimataifa zinabanwa na kanuni ya ISPM 15: lazima ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, na kupigwa mhuri wa kanuni hiyo. Sanduku la seremala wa mtaani lisilo na mhuri linaweza kuzuiwa Ujerumani, kurudishwa au kuharibiwa pamoja na kilichomo. Katoni ya karatasi haiguswi na sharti hilo. Majani makavu na takataka za randa ziachwe pia, kwa sababu maofisa wa afya ya mimea huzitilia shaka.

Je, mfungaji atajuaje kwamba amefanya kazi ya kutosha? Kwanza huitikisa katoni. Ikisikika au kuhisiwa inacheza, haijajaa. Kisha huiangusha. ISTA, shirika linalotunga vipimo vya vifungashio vya usafirishaji, katika utaratibu wake uitwao 1A hutaka kifurushi kisichofika kilo 10 kiangushwe mara kumi kutoka sentimita 76: mara moja kwa pembe, mara tatu kwa kingo zinazokutana kwenye pembe hiyo, na mara moja kwa kila uso kati ya nyuso sita. Mchongaji ana bahati ambayo muuza vioo hana, kwani karakana yake haikosi sanamu iliyoharibika wakati wa kuchonga. Hiyo ndiyo inayofungwa na kuangushwa sakafuni, si ile iliyouzwa. Baada ya mara kumi hufunguliwa. Kama imevunjika, mahali ilipovunjikia panaonyesha kasoro: mkono uliokatika unaashiria matundu hayakujazwa, kitako kilichomeguka kinaashiria sanamu ilifika chini ya katoni. Jaribio hili hula katoni moja na nusu saa, na likifaulu mara moja linatosha kwa sanamu zote za umbo na uzito ule.

Maandishi makubwa ya "FRAGILE" na picha ya glasi havina madhara, ila visihesabiwe kama kinga. Katika vituo vikubwa vya kuchambulia mizigo, katoni hupita kwenye mikanda na kudondokea kwenye mitelemko ambako hakuna macho ya kusoma. Chenye faida zaidi ni karatasi iliyowekwa ndani, juu kabisa, yenye picha ya jinsi vipande vya sponji vilivyopangwa. Maofisa wa forodha wana haki ya kufungua, na anayefungua bila mwongozo hurudisha vitu apendavyo yeye.

Sasa msafirishaji. Kwa sehemu ya ndani ya safari, kutoka Kisii hadi Nairobi, wengi hutumia basi, na kwa kifurushi kilichofungwa hivi basi si chaguo baya. Ni la haraka, na mzigo hupakiwa mara moja na kushushwa mara moja. Hatari yake ni buti: magunia ya ndizi hupangwa juu ya katoni, na nyuma ya stakabadhi huwa kumeandikwa kwamba vitu vya kuvunjika ni kwa hatari ya mwenyewe. Mtumaji mwangalifu huuliza kama basi linakwenda moja kwa moja au mizigo huhamishwa njiani, na kama ofisi ina chumba cha vifurushi au vyote hurundikwa nje. Anayelinganisha kampuni ahesabu mara ambazo katoni itanyanyuliwa na kuwekwa chini, maana hatari kubwa iko kwenye kunyanyua na kuweka kuliko kwenye urefu wa barabara. Kampuni ya bei nafuu inayopitisha mzigo vituo vinne ina nafasi nyingi zaidi za kuudondosha kuliko ya bei ya juu inayopitisha viwili. Vilevile athibitishe kwamba kampuni ina leseni: Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na Tanzania na TCRA. Isiyo na leseni haina pa kushtakiwa ila mahakamani.

Kutoka Nairobi kwenda Ujerumani kuna njia mbili zinazofanana machoni na kutofautiana kisheria: posta na kampuni ya kimataifa ya vifurushi. Kifurushi cha posta hufuata kanuni za Umoja wa Posta Duniani, na fidia yake ni ile iliyowekwa na kanuni hizo. Mzigo unaobebwa kwa ndege na kampuni binafsi huangukia Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya, Tanzania na Ujerumani zote ni wanachama. Mkataba huo unasema mbebaji anawajibika kwa uharibifu uliotokea mzigo ukiwa katika usafiri wa anga, hadi kikomo fulani kwa kila kilo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 26 kwa kilo. SDR ni kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na SDR 26 hukaribia dola 35.

Bei ya kampuni hizo inaleta kishawishi kinachofaa kufahamika mapema. Hazitozi kwa mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000, kisha zikatoza kwa namba kubwa kati ya hiyo na kilo halisi. Katoni ya 46 kwa 30 kwa 30 inatoa kilo 8.3, ingawa kwenye mizani ni kama kilo 5. Mtumaji akipunguza kinga kutoka sentimita 5 hadi 2, katoni inakuwa 40 kwa 24 kwa 24, hesabu inashuka hadi kilo 4.6, na atatozwa zile 5 za mizani. Amepunguza zaidi ya kilo 3 za malipo, na ameuza zile sentimita za kusimamia ambazo ndizo zilizokuwa zinaulinda mkono wa sanamu. Kama gharama ni kubwa mno, ni heri kupunguza mahali pengine, kwa mfano kwa kutuma sanamu mbili zilizotenganishwa vizuri katika katoni moja, kuliko kuinyang'anya sanamu moja nafasi yake.

Baada ya hapo ndipo swali la bima linapokuwa na maana, na huanza kwa kuuliza: bila kulipa chochote cha ziada, fidia ni kiasi gani? Kifurushi cha kilo 5 kikizidishwa kwa SDR 26 kinafika SDR 130, yaani takriban dola 175. Sanamu ni ya dola 120. Kwa upande wa kikomo, basi, jiwe hili zito limekwisha kujikinga lenyewe, na anayelipia bima ya ziada kwa dola 120 hizohizo huenda ananunua alichonacho. Kitu chepesi na ghali kiko katika hali tofauti kabisa. Taa ya kioo ya dola 300 ikiwa katika kifurushi cha kilo 1 ina kikomo cha dola 35 tu, na pengo la dola 265 liko juu ya mwenyewe. Uzito ndio unaoamua hapa, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitarajii.

Kikomo hakitoshi kuangaliwa peke yake. Mkataba unamruhusu mbebaji kukataa akithibitisha kwamba uharibifu ulitokana na kasoro ya kitu chenyewe au na ufungaji mbovu wa mtumaji. Sehemu za barabarani, kabla ya uwanja wa ndege na baada yake, zinaweza kuleta ubishi kuhusu mahali hasa ilipovunjikia. Kwa hiyo bima halisi, ile inayotolewa na kampuni ya bima kwa safari nzima tangu mlango hadi mlango, ina faida ya kutomlazimisha mtumaji kuthibitisha nani aliiangusha. Hata hiyo ina mipaka. Masharti yanayotumika sana duniani kwa bima ya mizigo, yaitwayo Institute Cargo Clauses, hata katika kundi A ambalo ndilo pana kuliko yote, hayalipi hasara iliyotokana na ufungaji usiofaa.

Kinachouzwa kaunta kwa jina la "bima" mara nyingi si bima hata kidogo, ni ahadi ya kampuni ya kuongeza kikomo chake. Masharti yake ndiyo ya kusomwa kwa makini kabla ya kutoa pesa. Baadhi huondoa kabisa kuvunjika kwa vioo, kauri na mawe, zikabakisha kupotea na kuibwa tu. Nyingine hulipa seti kwa kipande kilichovunjika peke yake, ingawa bawaba moja ya mlango wa chuma na kikombe kimoja cha seti ya sita havipungukiwi thamani kwa namna moja. Mtumaji aulize kwa maneno ya wazi: sanamu ya jiwe ikivunjika mkono, mtalipa nini? Jibu liandikwe, hata kwa barua pepe. Karani asiyeweza kulijibu hapaswi kulipwa ada hiyo.

Kama jibu ni zuri, kinachobaki ni hesabu fupi. Ada hugawanywa kwa kiasi ambacho bima itaongeza juu ya fidia iliyopo. Tuseme ada ya taa ile ya dola 300 ni dola 12. Bima inaongeza dola 265, na 12 kwa 265 ni kama asilimia 4.5. Maana yake ada inajilipa endapo taa moja kati ya 22 huvunjika njiani. Anayetuma taa kama hiyo mara kwa mara anajua rekodi yake: kama huvunjika moja kati ya 50, ni afadhali aweke dola 12 hizo pembeni kila anapotuma na kujilipa mwenyewe inapovunjika, kwa sababu baada ya muda atabaki na akiba. Anayetuma mara moja tu, na ambaye kupoteza dola 300 kungemkwamisha, ana sababu ya kulipa hata kama hesabu haimpendelei, kwani hana safari nyingine 49 za kugawana hasara.

Kuna kosa moja linaloua dai lolote, la bima au la mkataba: kuandika thamani ya uongo kwenye fomu ya forodha. Sanamu ya dola 120 ikiandikwa dola 20 ili mnunuzi akwepe kodi, fidia itahesabiwa kwa 20, na kampuni ina hati iliyotiwa saini na mtumaji mwenyewe. Thamani iliyoandikwa ilingane na ankara, na ankara ilingane na pesa zilizopokelewa.

Dai lenyewe huandaliwa kabla ya safari. Picha nne zinatosha: sanamu ikiwa nzima, matundu yakiwa yamejazwa, katoni ndogo ikiwa ndani ya kubwa kabla ya kufunikwa, na katoni iliyofungwa ikiwa kwenye mizani. Picha ya tatu ndiyo inayozima hoja ya ufungaji mbovu. Mnunuzi naye aambiwe mapema afanye nini. Katoni ikifika imebonyea au imelowa, aandike hivyo kwenye karatasi au kifaa cha kupokelea kabla hajatia saini, maana saini safi huchukuliwa kuwa mzigo umefika salama hadi ithibitishwe vinginevyo. Akifungua na kukuta mkono umekatika, asitupe chochote, hata sponji, kwa kuwa mkaguzi anaweza kuomba kuiona. Chini ya Mkataba wa Montreal malalamiko ya mzigo ulioharibika lazima yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokelewa, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Masharti ya bima yanaweza kuweka siku chache zaidi, na siku hizo huhesabiwa tangu kupokelewa kwa katoni, si tangu siku mnunuzi alipopata nafasi ya kuifungua.